Angetile na Nuru Iliyosimama

Hebu mwone anavyofika. Mtumbwi unaingia polepole kwenye mdomo wa mto, pale Itungi, na nyuma anapiga kasia mume wake mpya, Nsajigwa, mwenye mabega mapana kwa kukata kuni za meli ya Wajerumani. Mbele amekaa mwanamke aliyevaa kaniki, miguu imekunjwa, na mapajani amepakata kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Waliokuwa ufukweni walidhani ni mtoto. Aliposhuka, maji yakimfika magotini, alikinyanyua kile kitu juu ya kichwa kisilowe, na hapo wakaona kuwa ni kipande cha chungu kilichovunjika, cha mviringo kama sahani, na juu yake jiwe dogo jeusi linaloteleza kama sabuni.

"Mkwe wako ameleta vigae," jirani mmoja akamwambia Anyosisye, mama yake Nsajigwa. "Kwani kwako havipo?"

Anyosisye alikuwa mama wa maneno machache na kicheko kirefu. Alicheka, akampokea mkwe wake mzigo, akamwamkia kwa salamu ya huko, "Ndaga, mwanangu. Karibu kwenye matope."

Huyo ndiye Angetile ninayetaka kukusimulia. Alikuwa Mkisi wa Ikombe, kule ambako Milima ya Ukinga inashuka moja kwa moja hadi ziwani, na nyumba zimebanwa baina ya jabali na maji. Wanawake wa huko wanafinyanga tangu hawajaota meno yote. Kile kigae ndicho walichokuwa wakizungushia chungu kinapofinyangwa, na lile jiwe, alilorithi kwa bibi yake, ndilo la kusugulia chungu mpaka king'ae. Wakati wa Mjerumani, kabla ya vita, vyungu vya Wakisi vilisafiri kwa mitumbwi ziwa zima. Huku kwenye tambarare, mama aliyekitaka chungu alikijaza mpunga au maharage. Akaondoka na chungu, na mwenye chungu akaondoka na kilichokuwamo ndani.

Sasa, kwa desturi ya mume wake, mke mgeni hakuwa na jiko lake mwanzoni. Alipika kwenye mafiga ya mama mkwe mpaka siku atakayopewa ya kwake. Anyosisye hakuwa na ubishi. "Jiko nitakupa mpunga ukishaingia ghalani," alisema. "Vyungu nitakuazima."

"Mama, nisamehe," Angetile akajibu. "Siwezi kuinjika chungu cha kuazima kwenye jiko langu la kwanza. Nitafinyanga mwenyewe, kwa udongo wa hapa hapa."

"Udongo wa hapa unaota mpunga, hauoti vyungu."

"Nitauuliza."

"Na ukikataa?"

Angetile alifikiri kidogo. "Ukikataa, nitafunga kigae changu kitambaani, nikiweke darini, nipike kwenye vyungu vya kununua kama wanawake wengine. Sitakigusa tena."

Alilisema hilo kwa upole, lakini Nsajigwa, aliyekuwa akinoa shoka mlangoni, alilisikia akaacha kunoa. Alimjua mkewe. Mkisi aliyekiweka kigae darini ni sawa na mvuvi aliyechana nyavu zake akazitumia kuezekea banda la kuku. Mtu yuleyule, lakini si yeye.

Angetile akautafuta udongo. Aliuonja, ndiyo, aliuweka ulimini, kwenye kingo zote za mto na kwenye mashamba ya kuelekea Ngonga, mpaka watoto wakampa jina la mla ardhi. Mwishowe akaupata chini ya mti wa msufi, mzito, wa rangi ya kijivu, usio na chumvi wala mizizi. Akaukausha, akautwanga, akauchekecha, akafinyanga vikombe vidogo vya kujaribia. Akavichoma asubuhi moja, mwezi uliokonda ukiwa bado angani. Vilitoka vyekundu, vizima, vikilia vizuri ukivigonga kwa kucha.

Basi akaanza vyungu vikubwa.

Hapa inabidi nikueleze namna wanavyochoma, maana bila hilo hutaelewa kilichomkuta. Hawana tanuri. Vyungu vinapangwa uwanjani juu ya kuni. Kwanza unawasha moto mdogo kuvizunguka, uvipashe taratibu, unyevu utoke. Vikishapata joto, ndipo unafunika kwa nyasi na kuni nyingi, na moto mkubwa unapanda. Moto huo mkubwa hautaki upepo. Ukipulizwa upande mmoja, upande mmoja wa chungu unaungua na mwingine unabaki baridi, na chungu kinapasuka kwa kishindo kinachouma moyo. Usiku upepo unashuka kutoka mlimani kwenda ziwani. Mchana mwera unapanda kutoka ziwani. Katikati yake, jua linapochomoza, hewa inatulia kana kwamba imesahau inakokwenda. Mfinyanzi anautaka utulivu huo. Kwa hiyo kule Ikombe kila msichana alifundishwa neno moja: ukiona weupe nyuma ya mlima, washa moto mdogo, moto mkubwa utaukuta utulivu.

Angetile alifuata alivyofundishwa. Asubuhi isiyo na mwezi, wakati wa kiangazi, alitoka nje akatazama mashariki. Kweli, nyuma ya milima, ambayo huku iko mbali na ni mifupi machoni, kulikuwa na weupe. Akawasha. Ng'ombe hawakuwa wameamka, majogoo walikuwa kimya, lakini hilo halikumsumbua. Alijieleza hivi: kwetu mlima umesimama mlangoni, unalizuia jua, ndiyo maana kunakucha kwa kuchelewa. Huku hakuna wa kulizuia. Lazima kuche mapema.

Nikuulize, wewe ungewaza tofauti?

Moto mkubwa ulipopanda, upepo wa mlimani ulikuwa bado unatembea. Miali ikalala upande wa ziwa. Pa. Kisha pa nyingine. Kulipopambazuka vizuri, uwanja ulikuwa umejaa vigae.

Anyosisye akaja na ufagio. Akafagia vigae vyote. "Vile vidogo vilitoka vizuri," akasema.

"Vilitoka, mama."

"Siku ile kulikuwa na mwezi. Leo hakuna. Labda udongo wetu unaogopa giza."

Angetile alicheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. Lakini usiku alilala akiliwaza neno hilo, kwa sababu hakuwa na lingine.

Akafinyanga tena. Mwezi ulizunguka, ukakonda, ukaisha, na vyungu vya mara ya pili vikakauka asubuhi zikiwa tena hazina mwezi. Angeweza kungoja. Lakini mpunga ulikuwa unafungwa matita shambani, na kila jirani aliyepita aliuliza kwa utani kama jiko la Mkisi litapikia kwenye viganja vya mikono. Akaamua. Akatoka nje, akauona weupe, akawasha.

Moto mdogo ulikuwa umeshika vizuri aliposikia mtu akikohoa njiani. Alishtuka akataka kukimbilia migombani, maana alidhani ni baba mkwe wake. Kwa desturi ya huko, mwanamke hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hataji jina lake, na mzee naye, kwa heshima, hukohoa kwa mbali kila alfajiri anapokwenda kufungua ng'ombe, ili mkwe apate kujificha. Lakini kikohozi hiki kilikuwa cha kigeni.

"Hodi hapo kwenye moto," sauti ikasema.

Alikuwa Mwinyikombo, fundi wa mashua aliyekuja kutoka Kilwa na msafara miaka mingi nyuma, akabaki ziwani akitengeneza mashua za wakubwa na za wadogo. Alilala kibandani karibu na bandari, na wiki hiyo alikuwa amemwagiza Angetile mtungi wa maji ya kutawadhia.

"Ugonile, baba," Angetile akamwamkia.

"Ndaga, binti. Salamu yenu naijua, ulimi ndio haujaizoea. Nimeona moto nikafikiri nyumba inaungua. Mbona unachoma usiku?"

"Usiku wapi, baba? Kumekucha."

"Kumekucha?"

"Tazama mwenyewe nyuma ya mlima."

Mwinyikombo hakugeuka haraka. "Kama kumekucha, basi nimepitwa na sala, na mimi tangu nitoke kwetu nimepitwa na vingi, sala sijapitwa." Ndipo akageuka, akatazama, akatabasamu gizani mpaka ikasikika kwenye sauti. "Ahaa. Umekutana na yule mwongo."

"Mwongo gani?"

"Keti, binti. Moto wako haukimbii."

Wakaketi juu ya gogo. Akamwonyesha kwa kidole.

"Sisi tunaiita alfajiri ya uongo. Mama yangu alinifundisha mwezi wa mfungo nikiwa mdogo. Akasema, ukiiona hii endelea kula, usiku bado ni wako. Tazama umbo lake. Inafanana na nini?"

Angetile alitazama kama anayeitazama kwa mara ya kwanza. Haikuwa imetanda. Ilikuwa imesimama. Ilianza pana pale juu ya mlima, ikapanda ikipungua, ikiinama kidogo upande wa kaskazini, mpaka ikapotelea juu huko usijue imeishia wapi. Haikuwa na rangi yoyote, si nyekundu wala samawati, ni weupe tu kama maji ya mchele. Na ndani yake nyota za Kilimia zilikuwa zikiwaka bila wasiwasi.

"Inafanana na tanga," akasema. "Tanga la mashua lililopandishwa."

"Umeniibia neno. Sasa, ile ya kweli haisimami. Ile inalala. Inajinyoosha juu ya mlima, kulia mpaka kushoto, na nyota za chini zinaanza kuaga. Ngoja uone."

Wakangoja. Moto mdogo haukungoja. Vyungu vilikuwa vimeshapata joto, na Angetile alijua kuwa akiviacha vipoe vitapata nyufa, akiendelea vitapigwa na upepo. Alisimama, akaketi, akasimama tena. Mwishowe akafunika nyasi, akaacha miali ipande. Upepo ukailaza. Pa.

"Pole," Mwinyikombo akasema.

Pa.

"Huo wa mwisho ulikuwa mtungi wako, baba."

"Basi nijipe pole na mimi."

Walikaa hivyo, wakisikiliza vyungu vikifa, muda wa mtu kupika ugali akaula na kunawa. Ndipo Angetile akaona. Chini kabisa, kwenye ukingo wa milima, mstari wa weupe ukajichora, mwembamba, ukatambaa pande zote mbili. Ukanenepa, ukapata rangi ya udongo uliooka nusu. Ile nuru iliyosimama haikuzimika. Ilimezwa tu, kuanzia miguuni, kama nguzo inayofunikwa na maji yanayopanda. Majogoo wakawika. Mbali, kwenye zizi, baba mkwe akakohoa. Na Angetile, akiwa anakimbilia migombani kujificha, akahisi shavuni kwamba upepo umekufa.

Alirudi uwanjani akakaa katikati ya vigae, na badala ya kulia akaanza kucheka. Anyosisye alipotoka na ufagio wake alidhani mkwe amepata kichaa.

"Mama, si udongo," Angetile akasema. "Wala si giza. Siku ya mwezi sikumwona mwongo, mwezi ulimfunika, nikangoja kucha kwenyewe. Ni mimi niliyeamka mapema."

"Mwongo yupi tena? Nsajigwa? Amekufanya nini?"

Ikabidi amweleze yote. Anyosisye alisikiliza akiegemea ufagio, kisha akasema, "Miaka yote hii nimelala vizuri, sijawahi kumwona huyo mtu. Hii ndiyo faida ya uvivu."

Jioni ya siku hiyo Angetile alikwenda kunawa mikono mtoni. Giza lilikuwa limeshaingia vizuri, wekundu wa jua umekwisha wote. Akanyanyua macho upande wa magharibi, na pale ilipokuwa imesimama akaitambua. Ile ile. Pana chini, nyembamba juu, imeinama kidogo kaskazini. Na si kwamba aliiona jana na leo. Alikuwa ameiona tangu utotoni. Kutoka Ikombe, ambako mashariki ni jabali tupu linalomficha yule mwongo wa asubuhi na magharibi ni ziwa lililo wazi, watoto walikuwa wakiionyesha kiangazi kila jioni. Waliiita moshi wa ng'ambo. Walidhani ni watu wa upande wa pili wanaochoma mbuga.

"Nsajigwa," alimwambia mumewe usiku ule, "yule mwongo wa asubuhi nimelelewa naye. Ana ndugu yake wa jioni. Nilimjua mgongo, sikumjua uso."

Nsajigwa alilipenda jambo hilo, akalipeleka Jumapili kwa mwalimu Ezekia wa shule ya misheni. Ezekia naye akamuuliza mzungu wake, kisha akaleta jibu huku akijitahidi asicheke.

"Mzungu anasema ni vumbi."

"Vumbi?" Angetile akauliza.

"Vumbi, dada. Anasema huko juu, katikati ya jua na nyota zile zinazotembea, kumetanda vumbi jembamba. Jua likiwa bado liko chini halijatukaribia, mwanga wake unapiga lile vumbi, na sisi tunaliona linang'aa. Asubuhi upande jua linakotokea, jioni upande lilikoingia. Mimi ninayasema kama nilivyoyapokea."

Anyosisye akaguna. "Kwa hiyo hata mbinguni hakufagiwi?"

Wote walicheka isipokuwa Angetile. Alikuwa anawaza kibanda chake cha kukaushia, ambamo alitwanga udongo. Ukutani mlikuwa na tundu. Asubuhi jua likipita tunduni, fimbo ya mwanga ilikatiza kibanda, na ndani yake vumbi la udongo lilielea likimetameta. Pembeni ya ile fimbo lilikuwepo vilevile, ila halikuonekana. Yeye aliishi ndani ya vumbi. Neno la mzungu lilimwingia bila shida yoyote.

Mpunga ukaanza kubebwa ghalani. Vyungu vya mara ya tatu vilikuwa vimekauka, na udongo wa chini ya msufi ulikuwa umebaki kidogo, wa kuzibia ukuta tu. Angetile alikisugua kila chungu kwa jiwe la bibi mpaka kikaonyesha uso wake. Kitambaa alichokuja nacho kutoka Ikombe alikifua akakianika, na Nsajigwa, alipokiona kwenye kamba, alielewa ni cha kufungia nini. Alikwenda bandarini akaomba maganda makavu ya kuni za meli, akamletea mzigo mzima.

Asubuhi ilipokuwa bado giza, Angetile alitoka. Nuru iliyosimama ilikuwepo, angavu kuliko siku zote, Kilimia imepanda juu zaidi ndani yake. Mkono wake ulishika kijinga cha moto. Akakirudisha. Ni jambo dogo kulisimulia, lakini kungoja huku mkono umeshajua kazi yake ni kugumu. Alikaa kwenye gogo akaitazama. Alipochoka kuitazama kama adui, akaitazama tu.

Anyosisye akatoka, amejifunika, akaketi karibu naye. "Ndiye huyo?"

"Ndiye."

"Mzuri," mama mkwe akasema. "Waongo wengi ni wazuri."

Kisha mstari ukalala juu ya mlima, ukajinyoosha kulia na kushoto. Angetile akawasha moto mdogo. Ulipokuwa ukishika, zizini kikasikika kikohozi, na hapo palikuwa na matata, maana njia ya mzee ilipita uwanjani na moto haukuweza kuachwa. Angetile akajifunika kaniki usoni, akabaki ameinama. Kikohozi kikasogea. Kikasimama. Halafu, jambo ambalo majirani walilisimulia kwa miaka, mzee aliwageuza ng'ombe wake wote, akazungukia nao kwenye matope ya mto, akikohoa njia nzima ili ijulikane kuwa anakwenda mbali.

Jua lilichomoza. Moto mkubwa ulipanda wima, haukulala kushoto wala kulia, ukawa kama ile nuru yenyewe, mpana chini na mwembamba juu. Wanawake wawili walisimama wakisikiliza. Walisikia kuni. Walisikia ndege. Hawakusikia kingine.

Alasiri, majivu yalipopoa, Anyosisye ndiye aliyetoa chungu cha kwanza. Akakigonga kwa kucha, akakiweka sikioni kama mtu anayesikiliza habari za mbali. Kisha akakibeba mwenyewe mpaka nyumba ya mwanawe, akakiinjika juu ya mafiga matatu mapya ambayo, kumbe, alikuwa ameshayapanga tangu jana yake bila kumwambia mtu.

Mwinyikombo alipata mtungi wake, akaujaza mpunga kwanza kama desturi inavyotaka, ingawa mpunga wenyewe alilazimika kuuomba kwa jirani. Baba mkwe alituma ujumbe kupitia kwa mkewe: yule mwanamke wa motoni amfinyangie chungu cha pombe, kipana, naye yuko tayari kuzungukia matopeni kila asubuhi ya kuchoma. Na kile kitambaa cha Ikombe kilikatwa kikawa cha kumbebea mtoto.

Angetile alifinyanga pale Itungi mpaka nywele zikawa rangi ya udongo wake. Wasichana wa tambarare aliowafundisha, wengine hata si Wakisi, aliwapa neno alilolirekebisha mwenyewe: usiwashe kwa nuru inayosimama, washa kwa nuru inayolala. Asubuhi zisizo na mwezi walijifunza kukaa kwenye gogo wakamngoja yule mwongo amezwe.

Lakini jioni, wakati wa kiangazi, kazi imekwisha na mikono imeoshwa, alipenda kukaa mlangoni akiitazama ile nuru ya magharibi ikisimama juu ya giza. Wajukuu walipomuuliza kama na hiyo ni ya uongo, aliwajibu hivi: wa asubuhi tulimwita mwongo kwa sababu sisi tulikuwa na haraka ya kucha. Huyu wa jioni ni vumbi lile lile na jua lile lile, na hakuna anayewasha moto kwa ajili yake.

Basi wewe uliyekaa nami mpaka hapa, ukitoka nje jioni moja isiyo na mwezi ukamkuta amesimama pale, utamwita nani?